Ijara: Kabla ya malipo ya mwisho, hasara ya lori ni ya nani?

Lori linalotoka Arua na kupanda kaskazini kuelekea Koboko husafiri zaidi ya kilomita 50 kabla ya kufika mji ambao umezungukwa na mipaka miwili. Upande mmoja ni Sudan Kusini, upande mwingine ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Kwa mfanyabiashara anayebeba mahindi, saruji au sabuni katika njia hiyo, lori ndilo biashara yenyewe. Asipokuwa na fedha za kulinunua, na asipotaka mkopo wa riba, huelekezwa kwenye mkataba wa ijara.

Nchini Uganda mlango huo ulifunguliwa kisheria mwaka 2016, pale sheria ya taasisi za fedha iliporekebishwa ili kuruhusu huduma za benki zinazofuata sharia ya Kiislamu. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2018, na benki ya kwanza iliyojitambulisha kikamilifu kwa mfumo huo, Salaam Bank, ilipata leseni mwezi Septemba 2023. Huko West Nile, eneo lenye jamii kubwa za Waislamu hasa Koboko, Yumbe na Arua, neno ijara limeanza kusikika miongoni mwa watu ambao zamani walijua njia mbili tu: kukopa au kusubiri.

Ijara, kwa ufupi, ni ukodishaji. Taasisi ya fedha hununua mali, huibaki nayo kama mmiliki, na humkodishia mteja kwa muda maalumu. Mteja, ambaye katika makala haya ataitwa mkodi, hulipa kodi kila mwezi kwa ajili ya kuitumia. Ikiwa pande zote zinakusudia mali iwe ya mkodi mwishoni, mpango huo huitwa ijara inayoishia kwenye umiliki. Neno kodi hapa lina maana ya malipo ya kukodi, wala si ushuru wa serikali.

Kila swali linaloweza kuulizwa kuhusu mkataba wa aina hii linarudi kwenye jambo moja: taasisi inapata haki ya kupokea kodi kwa sababu ndiyo mmiliki, na mmiliki ndiye anayebeba hatari ya mali yake. Mkataba ukiiachia taasisi kodi huku ukimtwika mkodi hatari zote, umebaki kuwa mkopo uliobadilishwa jina. Kwa hiyo msomaji makini haanzii kwenye kiwango cha kodi. Huanzia kwenye ajali.

Lori likiteketea

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa Koboko anayetaka lori lililotumika, lenye bei ya shilingi za Uganda milioni 90. Taasisi inalinunua. Mkodi anatanguliza milioni 18, ambazo katika ijara huhesabiwa kuwa kodi iliyolipwa mapema, na kisha anakubali kulipa milioni 2.7 kila mwezi kwa miezi 36. Takwimu hizi ni za mfano, lakini mpangilio wake ndio unaokutwa katika mikataba mingi.

Baada ya miezi 20 lori linapinduka na kuungua, na uchunguzi unaonyesha kuwa dereva hakuwa na kosa. Kufikia hapo mkodi amelipa kodi ya miezi 20, yaani milioni 54, pamoja na zile milioni 18 za mwanzo. Jumla ni milioni 72. Je, bado anadaiwa ile miezi 16 iliyosalia, ambayo ni milioni 43.2?

Kwa mujibu wa kanuni za ijara, hapana. Kodi ni bei ya matumizi, na kitu kisichokuwepo hakitumiki. Ukodishaji unakoma siku mali inapoangamia. Tena kuna hatua ya pili ambayo wakodi wengi hawaijui. Shirika la uhasibu na ukaguzi la taasisi za fedha za Kiislamu, AAOIFI, lenye makao yake Bahrain, lina kiwango cha sharia namba 9 kinachohusu ijara. Kiwango hicho kinaeleza kuwa, pale mali inapoangamia bila kosa la mkodi katika mpango unaoishia kwenye umiliki, kodi ya muda uliopita ilinganishwe na kodi ya kawaida ya soko. Sababu yake ni ya haki: mkodi alikuwa akilipa zaidi ya bei ya soko kwa kutarajia kuwa lori litakuwa lake, na sasa tarajio hilo limekufa.

Tuseme mthamini huru anakadiria kwamba lori la aina hiyo, likikodishwa bila ahadi yoyote ya umiliki, lingeingiza kodi ya milioni 2.2 kwa mwezi. Kwa miezi 20 ni milioni 44. Mkodi amekwisha kulipa milioni 72. Tofauti ya milioni 28 ni haki yake kurudishiwa.

Hapo ndipo mkataba unapopaswa kusomwa neno kwa neno. Kifungu kinachosema kwamba mkodi ataendelea kulipa kodi yote "kwa hali yoyote ile, hata mali ikipotea au kuharibika" kinafuta kanuni hiyo kwa mstari mmoja. Kifungu kinachonyamaza kuhusu marejesho ni hatari vilevile, kwa kuwa kiwango cha AAOIFI ni kipimo cha bodi za sharia na si sheria ya Bunge la Uganda. Mgogoro ukifika mahakamani, mazungumzo yataanza na maneno yaliyotiwa saini. Mkodi anayetaka ulinzi huo anapaswa kuona umeandikwa, pamoja na jina la atakayethamini kodi ya soko, au angalau namna atakavyochaguliwa na nani atamlipa.

Bima na mpaka wa Oraba

Kwa kuwa lori ni mali ya taasisi, bima ya lori ni jukumu la taasisi. Baraza la kimataifa la fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh cha mwezi Septemba 2000, lilisisitiza hilo, likaongeza kuwa pakiwa na haja ya bima basi iwe ya takafuli, yaani ya kusaidiana, na gharama yake iwe juu ya mwenye mali.

Taasisi haikatazwi kuingiza gharama hiyo katika hesabu ya kodi tangu mwanzo. Ikiwa bima itagharimu milioni 3 kwa mwaka, inaweza kupanga kodi ikijua hivyo, na mkodi akaiona kodi nzima kabla ya kukubali. Kinachokatazwa ni kumrudia katikati ya safari na ankara mpya ya bima iliyopanda. Inaruhusiwa pia mkodi kuwa wakala wa taasisi, akaenda mwenyewe kwa kampuni ya bima mjini Arua na kulipia. Lakini wakala hulipa kwa niaba ya mwenye mali, na fedha zake hurudishwa.

Sehemu inayosahaulika ni eneo ambalo bima inafanya kazi. Lori la Koboko halikai Uganda. Leo liko Oraba likisubiri kuvuka kuingia Kaya, Sudan Kusini. Kesho limepakia bidhaa za upande wa Congo. Bima kubwa iliyokatwa Uganda inaweza kuishia mpakani isipokuwa imeongezwa kwa maandishi. Kadi ya manjano ya COMESA, ambayo madereva wengi huiamini kupita kiasi, ni ya madhara yanayowapata watu wengine katika nchi zilizo ndani ya mpango huo. Haifidii uharibifu wa lori lenyewe.

Sasa weka jambo hilo kando ya kifungu kimoja cha kawaida: "Mkodi hataitoa mali nje ya Uganda bila idhini ya maandishi." Kifungu hiki kinaonekana chepesi kwa mtu anayefanya biashara Masaka. Kwa mtu wa Koboko, ndicho kinachoamua nani atalipa. Mkodi akivuka bila idhini na ajali ikatokea ng'ambo, atahesabiwa kuwa amevuka mipaka ya mkataba, na aliyevunja masharti ndiye anayebeba thamani ya mali. Kinga yote iliyoelezwa hapo juu inatoweka. Idhini ya kuvuka inapaswa kupatikana siku ya kusaini, ikitaja nchi kwa majina, na hati ya bima ioneshe nchi hizohizo. Karatasi mbili zikitofautiana, kasoro imekwisha kuonekana.

Injini ya nani, oili ya nani

Katika matengenezo, mgawanyo wa msingi ni huu: kinachohitajika ili lori liendelee kuwa lori ni juu ya mwenye mali, kinachotokana na matumizi ya kila siku ni juu ya mkodi. Oili, vichungi, breki, taa na ukaguzi wa kawaida ni vya mkodi. Injini iliyokufa, gia boksi iliyovunjika au fremu iliyopasuka ni vya taasisi, mradi havikusababishwa na uzembe. Matairi hugombaniwa sana, kwa sababu barabara za udongo za vijijini huyala haraka, na ni busara yatajwe wazi kuliko kuachwa kwenye maneno kama "matengenezo ya kawaida".

Anayetaka kulindwa na mgawanyo huo anahitaji ushahidi. Lori lililotumika huja na magonjwa yake. Mkodi akilipokea bila ripoti ya fundi, injini ikifa mwezi wa tano ataambiwa aliiua yeye. Ripoti ya hali ya lori siku ya makabidhiano, picha, usomaji wa kilomita na daftari la huduma lenye mihuri ya gereji ndivyo vitakavyoonyesha kuwa oili ilibadilishwa kwa wakati. Tarehe ya makabidhiano ina maana nyingine pia: kodi huanza lori linapokabidhiwa likiwa tayari kutumika, si siku mkataba uliposainiwa Kampala. Na lori likilala gereji wiki 6 kwa tatizo kubwa lisilo kosa la mkodi, kodi ya wiki hizo haidaiwi. Mkataba unapaswa kusema hivyo.

Kuna mbinu moja ambayo humpita hata msomaji aliyezoea mikataba. Ukurasa wa mbele unasema kwa herufi kubwa kuwa matengenezo makubwa na bima ni juu ya mmiliki. Kisha, katika mkataba wa pembeni wa uwakala, mkodi anateuliwa kuyafanya yote kwa niaba ya mmiliki na kuahidiwa kurudishiwa. Hatimaye, katika sehemu ya ufafanuzi wa maneno, kodi inagawanywa mafungu matatu, na fungu la tatu, kodi ya nyongeza, linaelezwa kuwa ni "kiasi kilicholipwa na mmiliki kwa matengenezo makubwa na bima katika kipindi kilichopita". Taasisi inadaiwa milioni 9 za injini kwa mkono mmoja, inadai milioni 9 za kodi ya nyongeza kwa mkono mwingine, na madeni mawili yanafutana. Mkodi ndiye aliyelipa injini.

Mpangilio huo umetumika katika mikataba mikubwa ya kimataifa na umekosolewa na wanazuoni kwa muda mrefu. Namna ya kuugundua ni kutafuta maneno "kodi ya nyongeza" katika ufafanuzi, kisha kutafuta kama mkataba wa uwakala unaruhusu madeni kufutana. Vikiwepo vyote viwili, kile kifungu cha ukurasa wa mbele ni pambo tu.

Kodi inapopitiwa upya

Kodi ya ijara inaweza kubadilika, lakini si kwa hiari ya upande mmoja. Kodi ya kipindi cha kwanza lazima iwe kiasi kinachojulikana. Kwa vipindi vinavyofuata, mkataba unaweza kuweka fomula iliyofungwa kwenye kipimo ambacho kila mtu anaweza kukiona, ikiwa na kikomo cha juu na cha chini. Kodi ya miezi iliyopita haiguswi, na kodi iliyochelewa kulipwa haiongezeki. Imekwisha kuwa deni, na nyongeza juu ya deni ni riba.

Kipimo kinachoonekana kwa urahisi Uganda ni kiwango cha riba cha Benki Kuu. Kutumia kiwango cha riba kama rula hakuifanyi kodi kuwa riba, ingawa wapo wanaoona haya kulieleza jambo hilo kwa wateja. La muhimu zaidi ni rula hiyo inapima nini.

Turudi kwa lori letu. Baada ya kutoa milioni 18 za mwanzo, taasisi inahitaji kurudisha milioni 72 kwa miezi 36, sawa na milioni 2 kila mwezi. Zile laki 7 zinazobaki katika kodi ya milioni 2.7 ni faida yake. Miezi 12 ikipita, milioni 24 zimerudi na zimebaki milioni 48. Kiwango cha Benki Kuu kikipanda kwa nukta moja ya asilimia, nyongeza inayolingana ni asilimia 1 ya milioni 48, yaani shilingi 480,000 kwa mwaka au 40,000 kwa mwezi. Mwaka wa tatu, zikiwa zimebaki milioni 24, nukta hiyohiyo ina thamani ya 20,000 tu kwa mwezi.

Mkataba ulioandikwa vibaya, au kwa ujanja, hupiga hesabu kwa milioni 72 za mwanzo hadi mwisho. Hapo kila nukta inagharimu 60,000 kwa mwezi kwa miaka yote miwili. Mabadiliko kama hayo si ya kufikirika: kiwango cha Benki Kuu ya Uganda kilikuwa asilimia 6.5 mwanzoni mwa mwaka 2022, na kufikia Oktoba mwaka huohuo kilikuwa asilimia 10. Kwa kupanda huko kwa nukta 3.5, hesabu inayofuata kiasi kilichobaki ingemwongezea mkodi shilingi 1,680,000 mwaka wa pili na 840,000 mwaka wa tatu. Hesabu inayong'ang'ania kiasi cha mwanzo ingemwongezea 5,040,000, mara mbili kamili. Tofauti hiyo yote imefichwa katika maneno mawili: "kiasi kilichobaki" au "gharama ya mali".

Kikomo nacho kina kazi yake. Mkataba ukisema kodi haitapanda kwa zaidi ya shilingi 100,000 kwa mwezi, mkodi wa mwaka wa pili angelipa nyongeza ya 100,000 badala ya 140,000. Fomula inapaswa kushuka pia kiwango kinaposhuka. Zipo zinazojua kupanda tu. Mteja anaweza kuomba jambo dogo kabla ya kusaini: ofisa amfanyie hesabu ya mfano kwenye karatasi, kiwango kikipanda kwa nukta 3 na kikishuka kwa nukta 3, na karatasi hiyo iambatishwe kwenye mkataba.

Siku lori linapobadili jina

Kulipa kodi ya mwezi wa 36 hakumfanyi mkodi kuwa mmiliki. Ukodishaji huisha, na lori hubaki kuwa la taasisi mpaka kitendo kingine cha kisheria kifanyike. Ndiyo maana uhamishaji wa umiliki huwekwa katika hati ya peke yake, ambayo ni ahadi ya taasisi ya kutoa lori kama hiba au kuliuza kwa bei ndogo iliyotajwa, pindi kodi yote itakapolipwa. Mauzo yenyewe hayawezi kufungwa ndani ya ukodishaji na kupewa tarehe ya mbele, kwa kuwa kitu kimoja hakiwezi kukodishwa na kuuzwa kwa mtu yuleyule kwa wakati mmoja.

Kosa la kawaida hapa ni la kimya. Mkodi hupewa mkataba wa kukodi ausaini, na ahadi huambiwa italetwa baadaye. Bila hati hiyo mkononi, yeye ni mpangaji aliyelipa kodi ya juu kwa miaka mitatu. Ahadi inapaswa kusainiwa na taasisi, kumfunga yeye aliyeiahidi na warithi wa haki zake, na kueleza bei ya mwisho kwa tarakimu. "Bei itakayokubaliwa" si bei. Inapaswa pia kueleza nani analipa ada za kubadili kadi ya gari, na ndani ya siku ngapi taasisi itatoa karatasi zake. Anayetaka kumaliza mapema, mathalani baada ya mavuno mazuri, atahitaji jedwali linaloonyesha bei ya kulinunua lori katika kila mwezi.

Kabla ya yote hayo kuna swali la nyuma: je, taasisi ni mmiliki kweli? Kadi ya gari inapaswa kuwa na jina lake au kuwe na hati ya mauzo kutoka kwa muuzaji. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana juu ya mali zinazohamishika, Uganda ina sajili inayosimamiwa na ofisi ya usajili, URSB, ambamo mtu anaweza kutafuta kama mali imewekwa dhamana kwa mdai mwingine. Lori likionekana humo kwa deni la mwenyewe wa zamani, hakuna ahadi ya hiba itakayolisafisha.

Mikataba hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, wakati biashara ya Koboko inaendeshwa kwa Kikakwa, Kiswahili, Kinubi na Kilugbara. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha inazitaka taasisi inazozisimamia kumpa mteja muhtasari wa mambo muhimu kabla hajasaini. Mkodi anaweza kuomba asomewe vifungu vitano kwa lugha anayoielewa mbele ya shahidi wake: kuangamia kwa mali, bima na nchi inazofika, ufafanuzi wa kodi, fomula ya kuipitia upya, na ahadi ya umiliki. Anaweza pia kuomba nakala ya uamuzi wa bodi ya sharia ya taasisi hiyo kuhusu mkataba wenyewe anaopewa, si kuhusu ijara kwa jumla. Bodi huenda iliidhinisha mkataba mkuu, huku ule wa uwakala, wenye kile kifungu cha madeni kufutana, ukiwa haujapita mezani kwake.